Herufi 23 badala ya 24: ukaguzi wa uzi mwenza wa kipande cha jeni ya HBB

Kipande cha DNA kilichotolewa kina herufi 24, kila herufi ikisimama kwa besi moja, na kimetoka karibu na mwanzo wa jeni ya HBB, inayobeba maelekezo ya mnyororo wa beta wa himoglobini. Ndani yake kuna A moja ambayo ikigeuka T huleta himoglobini S, na mtu aliyerithi nakala mbili zilizogeuka hivyo huugua selimundu. Swali lilikuwa fupi: andika uzi mwenza wa kipande hiki, uonyeshe na ncha zake.

```
5'-CTGACTCCTGAGGAGAAGTCTGCC-3'
```

Jibu lililoletwa na mwanafunzi ni hili:

```
5'-GACUGAGGACTCCTCTCAGACGG-3'
```

Ukilitazama juu juu halina ubaya. Linaanza na G chini ya C, A chini ya T, C chini ya G, na mwisho wake ni GG, kama inavyotarajiwa chini ya CC. Lakini lina makosa matatu, na kila kosa ni la aina yake: herufi moja imeruka, besi moja si ya DNA, na ncha zimeandikwa kinyume. Kipimo kinachofichua moja hakifichui mengine, kwa hiyo mkaguzi hana budi kupita mara tatu. Mpangilio wa kupita nao una maana. Urefu huangaliwa kwanza, kisha jozi, na mwelekeo huja mwisho. Anayekimbilia jozi kabla ya kuhesabu herufi atasoma kosa moja kama makosa sita, kama itakavyoonekana.

Urefu

Pangeni herufi tatu tatu, uzi mmoja juu ya mwingine. Utatu huu hapa ni wa kusaidia jicho tu. Umeangukia sawasawa na kodoni za jeni yenyewe, yaani herufi tatu tatu zinazotaja asidi amino moja moja, lakini kazi yetu haitegemei hilo.

```
5'-CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT GCC-3'
   GAC UGA GGA CTC CTC TCA GAC GG
```

Kundi la mwisho limepungukiwa. Uzi wa juu una herufi 24, wa chini 23, na hapo tayari jibu haliwezi kuwa sahihi hata kama mwandishi anazijua jozi zote kwa moyo. Swali sasa ni herufi ipi imeanguka.

Anzeni kushoto. Jozi ya 1 hadi ya 16 zinakwenda vizuri (ile U ya nafasi ya 4 tuiache kwanza). Kuanzia ya 17 mambo yanaharibika ghafla: A imekaa juu ya C, G juu ya A, T juu ya G, C juu ya A, T juu ya C, G juu ya G. Makosa sita mfululizo. Nafasi ya 23 inaonekana sahihi, C juu ya G, lakini hiyo ni bahati tu, na nafasi ya 24 haina mwenza kabisa. Msahihishaji mwenye haraka angeandika pembeni kwamba mwanafunzi hajui kulinganisha besi, na angekuwa amemwonea.

Dalili ya kutofautisha ni hii. Jozi mbaya iliyo peke yake, ikifuatwa na nzuri, ni kosa la kuchagua herufi. Jozi mbaya zinazoanza mahali fulani na kuendelea karibu bila kukoma ni herufi iliyorukwa au iliyoongezwa, na kila kilichofuata kimesogea hatua moja. Ili kuthibitisha, geuzeni kazi: anzeni kulinganisha kutoka kulia. Herufi saba za mwisho za jibu, CAGACGG, zinakaa barabara chini ya GTCTGCC. Saba kutoka kulia na 16 kutoka kushoto zinafanya 23, yaani jibu lote limeelezeka na pengo ni moja tu, kati ya nafasi ya 16 na ya 18. Hapo juu pana A mbili zilizofuatana, zikihitaji T mbili chini, na mwandishi ameweka moja.

Ni T ya 16 au ya 17 iliyosahaulika? Haiwezekani kujua, na haibadilishi kitu, kwa kuwa zikikaa pamoja hazina tofauti. Ila mahali penyewe panafundisha. Sehemu ya GAGGAGAAG inajirudia rudia, na jicho likitoka kwenye karatasi ya swali kwenda kwenye ya jibu halirudi daima pale lilipotoka. Herufi hupotea zaidi kwenye vipande vya namna hii kuliko mahali ambapo kila herufi ni tofauti na jirani yake. Kalamu iliyowekwa chini ya kila kundi la tatu huliondoa tatizo hili karibu lote.

Jozi

Ikirudishwa T iliyoruka, mpangilio unakuwa hivi:

```
5'-CTG ACT CCT GAG GAG AAG TCT GCC-3'
   GAC UGA GGA CTC CTC TTC AGA CGG
```

Sasa ndipo jozi zinaweza kuhukumiwa. Adenini hukaa na thimini kwa vifungo viwili vya haidrojeni, guanini na sitosini kwa vitatu. Adenini na guanini ni purini, besi zenye pete mbili. Thimini na sitosini ni pirimidini, zenye pete moja. Kila jozi halali ina purini moja na pirimidini moja, ndiyo maana upana wa ngazi ya DNA haubadiliki kutoka jozi hadi jozi. Ukikuta A juu ya G, mbili pana zimebanwa pamoja. Ukikuta T juu ya C, mbili nyembamba zimeachiana nafasi. Hizo huonekana haraka. Inayoponyoka ni A juu ya C, kwa sababu ni purini na pirimidini na upana wake unaelekea kufaa. Zinazokataa ni sehemu za kushikia: zinazotoa haidrojeni na zinazoipokea hazikutani inavyopaswa. Kwa hiyo kanuni ya pete haitoshi peke yake. Kwa jicho la ubaoni kuna njia nyepesi zaidi. A na T zinaandikwa kwa mistari iliyonyooka, C na G zina mkunjo. Herufi iliyonyooka haikai na iliyokunjwa, basi.

Kwa kipimo hicho uzi uliorekebishwa unapita kote isipokuwa nafasi ya 4, ambapo chini ya A pameandikwa U. Urasili ni besi ya RNA. Inatofautiana na thimini kwa kikundi kimoja cha methili tu, kwenye kaboni ya 5 ya pete, na kikundi hicho hakihusiki katika kushikana na adenini. Ndiyo kusema A na U hushikana vizuri tu, na mwanafunzi hakukosea kuhusu nani anamshika nani. Alichokosea ni molekuli anayoiandika. Swali liliomba uzi wa DNA. Kwenye jibu lilelile ameandika T chini ya A nyingine, na uzi mmoja wenye T sehemu nyingi na U sehemu moja si DNA ya kawaida wala si RNA ya kawaida. Kosa hili huzaliwa pale somo la kunakili RNA linapofundishwa bega kwa bega na hili. Kama U zingekuwa kila mahali chini ya A, msahihishaji angesema mtu amejibu swali jingine. U moja ni kalamu iliyoteleza.

Wengi hupenda kumalizia hatua hii kwa kuhesabu besi: A za juu ziwe sawa na T za chini, G za juu na C za chini, na kinyume chake. Ni kipimo kizuri, lakini kwenye kipande hiki kina mtego. Uzi wa juu una A 5, T 5, G 7 na C 7. Kwa bahati, hesabu za uzi mmoja zimelingana, jambo ambalo kanuni ya Chargaff haiahidi. Yeye alizungumzia DNA yenye nyuzi mbili kwa jumla. Matokeo yake, hata mtu aliyenakili uzi wa juu kama ulivyo bila kubadilisha herufi hata moja angefaulu mtihani wa kuhesabu. Aliyeandika herufi sahihi kwa mpangilio wa kinyume angefaulu pia. Hesabu hukamata herufi iliyoruka na jozi iliyokosewa mara moja. Mpangilio haiuoni kabisa.

Mwelekeo

Kosa la tatu ndilo zito kuliko yote, japo ni la tarakimu mbili tu. Mwanafunzi ameandika 5' kushoto kwa G ya kwanza na 3' kulia.

Namba hizo ni za kaboni kwenye sukari ya deoksiribosi. Ncha ya 5' ni ile ambayo kaboni ya 5 ya sukari ya mwisho haijaunganishwa na sukari nyingine, na mara nyingi ina fosfeti. Ncha ya 3' ina kikundi cha haidroksili kilicho huru kwenye kaboni ya 3. Katika DNA nyuzi mbili hupishana kama magari kwenye barabara ya njia mbili: palipo na 5' ya mmoja pana 3' ya mwenzake. Basi kama uzi wa juu umeanza na 5' kushoto, uliopangwa chini yake herufi kwa herufi lazima uanze na 3' kushoto. Jibu sahihi laweza kuandikwa kwa namna mbili, na zote mbili ni molekuli ileile:

```
3'-GACTGAGGACTCCTCTTCAGACGG-5'
5'-GGCAGACTTCTCCTCAGGAGTCAG-3'
```

Mstari wa pili ni wa kwanza uliosomwa kutoka kulia, ncha zikiwa zimesafiri na herufi zake. Makosa huingia pale kimoja kinapohama na kingine kubaki. Herufi zikigeuzwa na namba zikabaki, au namba zikigeuzwa na herufi zikabaki, tayari umeandika molekuli nyingine. Mwanafunzi wetu amefanya hilo la pili. Uzi wa `5'-GACTGAGG...-3'` ungeshikana na `5'-CCGTCTGAAGAGGAGTCCTCAGTC-3'`, yaani kipande cha swali kilichoandikwa nyumanyuma, ambacho sicho kilichotolewa.

Wapo wanaojitetea kwamba wangeacha tu kuandika ncha, lawama iishe. Haiishi. Kwa desturi ya kazi hii, mfuatano usio na ncha husomwa 5' ikiwa kushoto. Anayeagiza praima, kipande kifupi cha DNA cha kuanzishia unakili, kwa kuandika herufi tupu kwenye fomu hupata molekuli iliyosomwa hivyo. Ukiandika GACTGAGG bila ncha umeandika `5'-GACTGAGG`, upende usipende.

Je, mwelekeo unakaguliwaje bila kurudia kazi yote? Kipande hiki kina alama nzuri ya asili. Nafasi ya 7 hadi ya 13 ni CCTGAGG, mahali anapokata kimeng'enya MstII, ambacho hutambua CCTNAGG, N ikiwa besi yoyote. Alama hiyo husomeka CCTNAGG kwenye nyuzi zote mbili, mradi kila mmoja usomwe kutoka 5' yake. N ya kati pekee hubadilika. Kwa hiyo uzi mwenza sahihi, ukisomwa kutoka 5', lazima uwe na CCTCAGG mahali fulani. Utafuteni: `GGCAGACTTCTCCTCAGGAGTCAG`. Upo. Kwenye jibu la mwanafunzi, hata baada ya kurudisha T na kufuta U, mahali hapo panasomeka GGACTCC, na CCTNAGG haipatikani popote. Kipimo hiki huchukua sekunde tano. Ila msitumie alama fupi. Kimeng'enya DdeI hutambua CTNAG, na kwa bahati mbaya CTGAG inajitokeza kwenye jibu lile baya, herufi ya 3 hadi ya 7, ikampa mkaguzi imani isiyostahili. Pia alama isiyo na N katikati, kama GAATTC ya EcoRI, ikiwa peke yake haimkamati aliyenakili uzi wa juu bila kubadilisha kitu: kipande chenye herufi hizo sita tu kikigeuzwa na kulinganishwa hurudi kuwa kilekile.

Njia nyingine ni ya namba. Besi iliyo nafasi ya 11 juu, ile A ya selimundu, mwenza wake akihesabiwa kutoka 5' ya uzi wake mwenyewe yuko nafasi ya 14. Namba mbili hizo hujumlishwa kuwa 25, urefu ukiongezwa moja, na ni hivyo kwa kila jozi. Chagueni nafasi mbili au tatu zisizo katikati, kisha hakikisheni.

Kama uzi huu ungekuwa praima

Hapa ndipo uzito wa makosa unapopimwa vizuri, na mpangilio wake si ule ambao msahihishaji wa darasani angeutoa. Praima hushika uzi wa kiolezo, na polimeresi huongeza besi kwenye ncha yake ya 3'. Praima iliyoandikwa kwa mwelekeo wa kinyume haina pa kushika kwenye HBB, kwa hiyo PCR, njia ya kuzalisha nakala nyingi za kipande cha DNA, haitoi kitu na jeli inabaki bila mstari unaotarajiwa. Inaudhi na inapoteza pesa, lakini angalau kosa linajitangaza.

T iliyoruka ni ya hila zaidi. Kwenye uzi uliogeuzwa vizuri, T hizo mbili ni herufi ya 8 na ya 9 kutoka 5'. Baada yake, kuelekea 3', zinabaki herufi 15 zinazolingana na kiolezo bila dosari. Praima hiyo ya herufi 23 yaweza kabisa kushika na kufanya kazi, hasa joto la kushikiza likishushwa kidogo. Na kwa kuwa praima yenyewe huwa sehemu ya DNA inayozalishwa, nakala zote zitapungukiwa jozi moja pale pale. Atakayezisoma baadaye ataona jeni iliyopoteza besi, jambo ambalo lingevuruga kodoni zote zinazofuata, kumbe mgonjwa hana kasoro hiyo. Kwa sababu hiyohiyo praima iliyolalia nafasi ya 11 haifai kutafutia selimundu kwa kusoma mfuatano: kinachosomwa chini yake ni herufi za aliyeagiza praima, si za mgonjwa.

Kukagua kwa kompyuta

Kwenye kompyuta ya Linux au Mac mstari mmoja unatosha:

```
echo CTGACTCCTGAGGAGAAGTCTGCC | tr ACGT TGCA | rev
```

Jibu lake ni `GGCAGACTTCTCCTCAGGAGTCAG`, tayari likiwa na 5' kushoto. Ukiondoa `rev` unapata mpangilio wa 3' kushoto. Ukaguzi mzuri zaidi ni kuingiza jibu la mtu, si swali: uzi mwenza wa uzi mwenza ni uzi wa mwanzo. Jibu la mwanafunzi likipitishwa hapo linatoa `CCGTCTGAGAGGAGTCCTCUGTC`. Halianzi na CTGACT, kwa hiyo mwelekeo ni mbaya. Lina herufi 23. Na U imepita bila kuguswa, kwa kuwa `tr` hubadilisha zile tu zilizotajwa. Herufi ndogo nazo zitapita hivyo hivyo. Mfuatano mrefu uliokatwa kwenye mistari kadhaa lazima kwanza uunganishwe kuwa mstari mmoja, maana `rev` hugeuza kila mstari peke yake bila kugeuza mpangilio wa mistari.

Wasiotumia mistari ya amri hukimbilia kutafuta na kubadilisha kwenye programu ya kuandikia, na hapo kuna shimo. Ukibadilisha A zote kuwa T, kisha T zote kuwa A, zile za mwanzo zinarudi pamoja na nyingine. Ukiendelea na G kuwa C na C kuwa G unaishia na uzi wenye A na G tupu. Ukikuta jibu la herufi za aina mbili tu, umeshajua lilikotoka. Dawa ni kupitia herufi ndogo: A kuwa t, T kuwa a, G kuwa c, C kuwa g, kisha kuzikuza zote mwishoni.

Mabadiliko mamoja, majina mawili

Kipande hiki kina jambo moja zaidi linalowachanganya hata waliokwisha kuzoea kazi. Kwenye mfuatano wa rejea wa kromosomu ya 11, jeni ya HBB imeandikwa kwenye uzi wa upande wa pili. Anayefungua kromosomu hiyo kwenye skrini na kuisoma kushoto kwenda kulia hatakuta CTGACTCCTGAGG. Atakuta GGCAGACTTCTCCTCAGGAGTCAG, ule ule uzi mwenza tuliouhangaikia. Ndiyo maana mabadiliko ya selimundu, yanayoorodheshwa kama `rs334`, yameandikwa `c.20A>T` mahali pamoja na `g.5227002T>A` mahali pengine, hii ya pili ikihesabiwa kwenye rejea ya GRCh38. Ripoti mbili za mgonjwa mmoja zikija hivyo, hazipingani. Ya kwanza inasema GAG imekuwa GTG ikisomwa kwa upande wa jeni. Ya pili inasema CTC imekuwa CAC ikisomwa kwa upande wa kromosomu. Wekeni moja juu ya nyingine, ncha zikielekea kinyume, na kila herufi itapata mwenzake:

```
5'-CCT GTG GAG-3'
3'-GGA CAC CTC-5'
```